Uzi: Chati inaonyesha wavuta sigara walikufa wachache kuliko wasiovuta. Mbona?

Binti Kidawa
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye taasisi ndogo inayofundisha wahudumu wa afya ya jamii, na nimepewa kazi ya kuandaa slaidi za tumbaku. Mkufunzi wetu akanipa takwimu za utafiti wa zamani wa Uingereza, mji wa Whickham, jirani na Newcastle. Wakazi walihojiwa na kupimwa kati ya 1972 na 1974, halafu miaka 20 baadaye watafiti wakafuatilia nani yu hai na nani ameshafariki. Nilizo nazo mimi ni za wanawake 1,314 tu. Wote hao ama walikuwa wanavuta sigara siku ile ya kwanza, ama hawakuwahi kuvuta maishani.

Nikachora nguzo mbili za kawaida. Wavutaji walikuwa 582, wakafa 139, sawa na 24%. Wasiovuta walikuwa 732, wakafa 230, sawa na 31%. Nguzo ya wasiovuta ndiyo ndefu!

Hesabu nimeirudia, mkufunzi naye ameikagua, iko sawa. Sasa nikisimama na chati hii mbele ya wahudumu wa afya nitawaambia nini? Kuna kitu sikioni hapa?

Moshi Mweupe
Hakuna usichokiona dada. Takwimu imesema. Naomba hiyo chati niibandike sebuleni, mke wangu aisome kila asubuhi.

Nesi wa Zamu
Moshi acha utani, watu wanakufa.

Kidawa, mimi nafanya kazi wodini na jibu naliona wazi. Mtu akianza kuumwa kifua, daktari anamwambia aache sigara, naye anaacha. Ukija kuhesabu, yule mgonjwa anaingia upande wa wasiovuta, akifa anahesabiwa huko. Wanaobaki upande wa wavutaji ni wale wenye miili ya chuma. Ndiyo maana.

Babu wa Sensa
Nesi, unachosema kipo na kimewaponza watafiti wengi, lakini hapa hakiingii. Soma tena alivyoandika Kidawa: upande wa pili ni wale ambao hawakuwahi kuvuta kabisa. Waliokuwa wameacha kabla ya 1972 hawamo kwenye hawa 1,314. Na aliyeacha baadaye, mwaka 1980 tuseme, bado anahesabiwa kuwa mvutaji, kwa sababu swali liliulizwa siku ya kwanza tu. Hilo la mwisho lina athari yake, lakini linapunguza tofauti kati ya makundi, haliwezi kuigeuza kichwa chini.

Kidawa mwanangu, swali langu ni moja. Umri uko wapi?

Binti Kidawa
Shikamoo Babu. Umri upo, ila niliuacha ili chati isijae mambo mengi. Hii hapa, kila mahali ni waliokufa kwa wote waliokuwepo:

```
Rika     Wavutaji    Wasiovuta
18-24      2/55         1/62
25-34      3/124        5/157
35-44     14/109        7/121
45-54     27/130       12/78
55-64     51/115       40/121
65-74     29/36       101/129
75+       13/13        64/64
```

Babu wa Sensa
Marahaba. Sasa usikimbilie asilimia. Tazama kwanza namba za chini ya mkwaju, yaani watu wenyewe, mistari miwili ya mwisho. Wanawake wa miaka 65 na kuendelea, wavutaji ni 49 kati ya 582. Wasiovuta ni 193 kati ya 732. Upande mmoja wazee ni kama 8%, upande wa pili ni 26%.

Ukimfuatilia mwanamke wa miaka 75 kwa miaka 20, unajua utakuta nini. Jedwali lenyewe linakuambia: 77 walikuwepo, 77 wakafa, wavutaji na wasiovuta sawasawa. Kwa hiyo nguzo zako mbili hazikupima sigara. Zimepima ni kundi gani lililokuwa na bibi wengi.

Na bibi wengi hawakuvuta kwa sababu mbili. Waliozaliwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 walikulia wakati ambapo mwanamke kuvuta sigara halikuwa jambo la kawaida, mazoea yalienea kwa mabinti waliokuja baada yao. Pili, baadhi ya wenzao waliovuta hawakufika 1972 wakiwa hai ili wahesabiwe.

Ticha Kisumu
Hii imenigusa sana wakuu. Shuleni kwetu alama za wastani zimeshuka, na wazazi wanatuchoma kama mishikaki. Lakini wa bweni walifanya vizuri, mimi mwenyewe niliwafundisha. Kwa hivyo ni hiki hiki, siyo? Nitawapelekea wazazi uzi huu kwenye mkutano.

Babu wa Sensa
Mwalimu, tulia kwanza. Wa bweni walipanda. Wa kutwa je?

Ticha Kisumu
Wa kutwa walishuka kidogo.

Babu wa Sensa
Basi siyo hiki. Kundi moja likipanda na jingine likishuka, jumla inaweza kwenda popote, hapo hakuna kinachoshangaza. Kinachozungumzwa hapa ni makundi yote kwenda upande mmoja halafu jumla ikaenda upande wa pili. Kwenu ingekuwa hivyo kama wa bweni walipanda, wa kutwa wakapanda, na bado wastani wa shule ukashuka. Inawezekana kabisa, mathalani mwaka ambao mmepokea wengi wa kutwa na wao kwa kawaida alama zao ziko chini. Angalia kama idadi ya wa kutwa iliongezeka. Kama haikuongezeka, usiwapelekee wazazi uzi huu.

Juma Majedwali
Nimeingia Excel nikagawa mara mbili tu, chini ya miaka 55 na kuanzia 55, kwa sababu rika saba ni nyingi mno kwa slaidi.

Chini ya 55 mambo ni safi ajabu. Wavutaji ni 418, wasiovuta ni 418, idadi ileile kabisa! Waliokufa ni 46 kwa 25. Yaani 11% kwa 6%. Sigara mbaya, tumemaliza.

Lakini kuanzia 55 nakuta wavutaji 164, wamekufa 93, sawa na 57%. Wasiovuta 314, wamekufa 205, sawa na 65%. Kwa hiyo ukishavuka 55 sigara inakulinda? Nimeshagawa kwa umri kama Babu alivyosema na bado imegeuka.

Moshi Mweupe
Mimi nina 58. Asante Juma. Asante sana.

Babu wa Sensa
Moshi, usiwashe bado.

Juma kafanya jambo la maana kuliko anavyodhani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaposimama. Wanasema umri umeshadhibitiwa, wanaondoka. Lakini "kuanzia 55" ni chumba kikubwa, ndani yake yumo mwenye 55 na mwenye 80. Fungua chumba hicho uone. Kati ya wavutaji 164, waliokuwa 55-64 ni 115, yaani 70%. Kati ya wasiovuta 314, waliokuwa 55-64 ni 121, hawafiki 39%. Ndani ya kundi lako la wazee, wavutaji ni wazee vijana na wasiovuta ni wazee hasa. Kilichotokea kwenye jumla kimetokea tena ndani ya nusu yake.

Sasa soma rika moja moja. 55-64: 44% ya wavutaji walikufa, 33% ya wasiovuta. 65-74: 81% kwa 78%. 75 na kuendelea: wote kwa wote. Hakuna hata rika moja hapo ambalo wasiovuta walikufa zaidi. Ile 57% kwa 65% yako imetengenezwa na mchanganyiko peke yake.

Ungekata kwenye 65 badala ya 55 ungepata chini ya 65 wavutaji 97 kati ya 533, wasiovuta 65 kati ya 539, yaani 18% kwa 12%. Na kuanzia 65, 42 kati ya 49 kwa 165 kati ya 193, ambazo zinakaribia kulingana, kama 86% kwa 86%. Takwimu ni zilezile, umebadilisha mahali pa kisu tu.

Juma Majedwali
Dah. Kwa hiyo kisu kikiwekwa pabaya, chati ya makundi nayo inadanganya kama ya jumla.

Babu wa Sensa
Ndiyo. Na ina hatari zaidi, maana inaonekana imefanya kazi yake.

Fundi Chati
Nimechelewa, nilikuwa nafunga kurasa. Mimi nachora michoro ya gazeti, niongelee upande wangu.

Kidawa, nguzo mbili zisingeweza kukuonyesha hili hata ungezipaka rangi gani. Nguzo inaonyesha kimo, haionyeshi imebeba watu gani. Wengi wakiambiwa wagawe kwa umri wanachora nguzo pacha, kila rika nguzo mbili, jumla nguzo 14. Hiyo inaonyesha kwamba ndani ya rika wavutaji wako juu, ila haionyeshi kwa nini jumla iligeuka. Msomaji anabaki na chati mbili zinazopingana na hajui aamini ipi. Atachagua anayoipenda, kama Moshi.

Mimi ningechora mistari miwili. Chini umri, pembeni asilimia ya waliokufa, rangi moja kwa wavutaji, nyingine kwa wasiovuta. Halafu kwenye kila rika weka duara ambalo eneo lake linalingana na idadi ya watu. Nasema eneo, siyo kipenyo. Ukitumia kipenyo, kundi la watu mara nne litaonekana kubwa mara kumi na sita.

Ukichora hivyo jicho linaona vitu viwili kwa pamoja. Mstari wa wavutaji unapita juu karibu kote. Na maduara makubwa ya wavutaji yamelala kushoto, kwenye ujana ambako vifo ni vichache, huku ya wasiovuta yakiwa na maduara mazito mpaka kule juu kulia. Kwenye 65-74 duara la wavutaji ni la watu 36, la wasiovuta ni la 129. Huhitaji kueleza kitu, msomaji anaona uzito uko wapi.

Mwanafunzi wa Chuo
Samahani kuingilia, hii si ndiyo ile ya pengwini? Tulipewa data za pengwini wa Antaktika, urefu wa mdomo na kimo cha mdomo. Ukichora vitone vyote rangi moja, mstari unashuka, eti mdomo mrefu ni mwembamba. Ukipaka rangi kwa spishi, ziko tatu, kila spishi mstari wake unapanda.

Fundi Chati
Ndugu yake kabisa. Na ile ni rahisi kuigundua kwa sababu vitone vyenyewe vimejitenga kwa mafungu, hata bila rangi jicho linahisi kuna kitu. Tatizo la sigara ni kwamba matokeo ni amekufa au yu hai. Ukichora vitone unapata mistari miwili ya nukta, moja kwenye sifuri na moja kwenye moja, haisemi chochote. Huoni mafungu mpaka uambiwe utafute umri.

Binti Kidawa
Fundi nimechora ya maduara, imependeza mno. Lakini bosi amekuja juu. Anasema wahudumu watauliza "ile 24% na 31% imetoka wapi sasa?", na chati hii haina hizo namba popote. Anataka mchoro mmoja wenye jumla na makundi kwa pamoja. Inawezekana?

Babu wa Sensa
Bosi wako ana akili. Inawezekana, ila lazima ukubali makundi mawili ya umri tu, na ukate kwenye 65.

Mstari wa chini usiwe umri. Uwe asilimia ya wazee ndani ya kundi, kutoka 0 hadi 100. Pembeni asilimia ya waliokufa. Kwa wavutaji weka nukta kushoto kabisa kwenye 18, kwa maana kundi lisingekuwa na mzee hata mmoja vifo vingekuwa 18%. Weka nyingine kulia kabisa kwenye 86, kundi lingekuwa la wazee watupu. Unganisha kwa rula. Kwa wasiovuta fanya vivyo hivyo, kutoka 12 hadi 86. Utapata mistari miwili inayopanda, wa wavutaji juu, ikisogeleana mpaka karibu kugusana kulia. Wa wavutaji haushuki chini ya mwenzake popote.

Sasa wavutaji halisi walikuwa na wazee 8%. Panda kutoka 8 mpaka ukutane na mstari wao, weka kitone kikubwa. Kitaangukia 24%. Wasiovuta walikuwa na wazee 26%. Panda kutoka 26, kitone kitaangukia 31%. Hizo ndizo namba za bosi, zimetoka kwenye mistari yenyewe.

Kitone cha wasiovuta kiko juu zaidi, na bado kimekaa kwenye mstari wa chini. Kimepanda kwa sababu kimesogea kulia. Ukitaka kulinganisha kwa haki, simamisha mstari mmoja wima popote unapotaka, kwenye 10 au 20 au 50, na usome mistari yote miwili hapohapo. Wavutaji watakuwa juu kila mara.

Fundi Chati
Miaka yote hii nachora na sijawahi kuuona huo mchoro. Nauiba.

Ila Babu, kwa msomaji wa gazeti ule mstari wa chini ni mgumu. "Asilimia ya wazee ndani ya kundi" siyo kitu anachokifikiria mtu akiwa kwenye daladala. Ningemwekea maneno mawili chini ya vitone, "wazee wachache" na "wazee wengi", namba nikaziweka ndogo.

Babu wa Sensa
Hapo wewe ndiye fundi.

Juma Majedwali
Na kama mtu hataki mchoro, anataka namba moja ya haki? Nimejaribu kusawazisha umri kwa programu ya R: najifanya kwamba wavutaji na wasiovuta wote wana mchanganyiko wa umri wa wanawake wote 1,314, kisha natumia viwango vya vifo vya kila upande.

```r
vf <- c(2,3,14,27,51,29,13)
nf <- c(55,124,109,130,115,36,13)
vs <- c(1,5,7,12,40,101,64)
ns <- c(62,157,121,78,121,129,64)
n  <- nf + ns
sum(vf)/sum(nf); sum(vs)/sum(ns)
sum(n*vf/nf)/sum(n); sum(n*vs/ns)/sum(n)
```

Mstari wa sita unarudisha 0.24 na 0.31 za Kidawa. Mstari wa mwisho unatoa 0.30 na 0.26. Imegeuka yenyewe, wavutaji juu.

Babu wa Sensa
Safi. Ila ukiiandika useme umesawazisha kwa umri wa nani. Ukichukua mchanganyiko wa umri wa nchi yenye vijana wengi kama zetu, namba zote mbili zitashuka na tofauti itabadilika kidogo. 30 na 26 zinafaa kulinganishwa zenyewe kwa zenyewe, hazisemi kwamba 30% ya wavutaji wa mahali fulani watakufa.

Nesi wa Zamu
Nimefuata mpaka hapa na nimekubali. Basi kanuni ni kwamba tugawe daima, tena tugawe sana? Maana wodini takwimu zetu zote zinatolewa kwa jumla.

Juma Majedwali
Ndiyo, gawa mpaka mwisho. Makundi ndiyo ukweli, jumla ni uongo.

Babu wa Sensa
Hapana Juma. Inategemea unagawa kwa kitu gani, na kitu hicho kimesimama wapi kati ya sababu na matokeo.

Nesi utaelewa mfano huu haraka. Mwaka 1971 Jacob Yerushalmy alichapisha takwimu za watoto wachanga wa California. Watoto wa mama wanaovuta walizaliwa na uzito pungufu mara nyingi zaidi. Lakini alipowachukua wale wenye uzito pungufu peke yao, wa mama wanaovuta walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wa mama wasiovuta. Ukigawa kwa uzito, sigara ya mama inaonekana kama inamlinda mtoto mwenye uzito pungufu.

Nesi wa Zamu
Haiwezi kuwa kinga. Mtoto wa mama asiyevuta akizaliwa mdogo hivyo, mara nyingi kuna jambo jingine zito, ulemavu wa kuzaliwa au maambukizi. Wa mama anayevuta anaweza kuwa mdogo kwa sababu ya sigara tu.

Babu wa Sensa
Umemaliza. Umri wa bibi wa Whickham haukuletwa na sigara, ulikuwepo kabla. Uzito wa mtoto umeletwa na sigara, kwa sehemu. Ukigawa kwa kitu ambacho sigara yenyewe imekisababisha, unalinganisha watu wasiofanana tena kwa mkono wako mwenyewe. Na ukichora, mchoro hautakuambia tofauti. Mistari miwili na maduara vinaonekana sawasawa kwenye umri na kwenye uzito. Kompyuta ya Juma itatoa jibu zuri kwenye yote mawili.

Mwanatakwimu Udny Yule aliliona jambo hili la jumla kupingana na makundi mwaka 1903, mwenzake Edward Simpson akaliandika upya mwaka 1951, na jina la Simpson likabandikwa mwaka 1972. Simpson alionyesha mapema kabisa kwamba namba zilezile zinaweza kutaka jibu la makundi kwenye kisa kimoja na jibu la jumla kwenye kisa kingine. Watu wamekumbuka maajabu ya kugeuka, hilo wamelisahau.

Moshi Mweupe
Haya nimekubali, jumla hapana. Lakini wote mmepita kimya kimya kwenye 25-34. Wavutaji 3 kati ya 124, wasiovuta 5 kati ya 157. 2% kwa 3%. Wavutaji wako chini! Babu ulisema chati ya mistari iko juu "kote".

Fundi Chati
Nilisema mimi, na nilisema "karibu kote".

Babu wa Sensa
Moshi kaona vizuri. Ni vifo vitatu kwa vitano. Mmoja angegongwa na gari na mwingine akaponea, mistari ingebadilishana nafasi. Hapo mimi sioni sigara, naona uchache wa vifo.

Mwanafunzi wa Chuo
Lakini Babu, si tulikubaliana maduara yanaonyesha uzito? Maduara mawili ya 25-34 yakijumlishwa ni makubwa kuliko ya rika lolote, watu 281. Msomaji ataona duara kubwa na atadhani hapo ndipo penye uhakika.

Fundi Chati
Dogo ana hoja. Duara linahesabu watu, na uhakika hapa unatokana na vifo. Ningeweza kuongeza vijiti vya wigo wa makosa juu na chini ya kila nukta, ila kwenye ukuta wa ofisi ya kata vitasomeka kama mapambo.

Babu wa Sensa
Au upime duara kwa vifo badala ya watu.

Fundi Chati
Ukifanya hivyo unapoteza sababu ya kugeuka, Babu. Duara la wavutaji wa 18-24 litakuwa nukta ya watu wawili na hakuna atakayeona kwamba vijana wamejaa upande huo.

Babu wa Sensa
Hilo nalo kweli. Sina jibu la haraka.

Juma Majedwali
Na mimi nina swali limenikaa. Rika la miaka kumi nalo si chumba? Ndani ya 55-64, kama wavutaji wengi wako 56 na wasiovuta wengi wako 63, basi 44% kwa 33% bado imechanganyika.

Babu wa Sensa
Inawezekana, na kama ni hivyo tofauti halisi ni kubwa kuliko hiyo. Kwa jedwali hili huwezi kujua, unahitaji umri wa mtu mmoja mmoja. Kifurushi cha `mosaicData` kwenye R kina data inaitwa `Whickham`, safu tatu tu: `outcome`, `smoker`, `age`. Ichukue ufanye kazi hiyo utuletee.

Juma Majedwali
Naishusha sasa hivi.

Binti Kidawa
Asanteni wote. Nimeamua hivi: slaidi ya kwanza nguzo zangu mbili, nikae kimya waone. Ya pili mistari na maduara. Ya tatu mchoro wa Babu wenye maneno ya Fundi. Kwa 25-34 nitaandika pembeni "vifo 3 na 5 tu". Bosi anataka ile ya kwanza niitoe, anaogopa mtu ataipiga picha kwa simu aisambaze bila zile nyingine. Mnaonaje?

Nesi wa Zamu
Itoe. Nawajua wahudumu wangu, na namjua Moshi.

Fundi Chati
Usiitoe, bila hiyo zile mbili hazijibu swali lolote. Ila namba 24% na 31% usiziandike peke yake. Ndani ya kila nguzo, kwa maandishi makubwa, weka "wazee 49 kati ya 582" na "wazee 193 kati ya 732". Atakayepiga picha ataondoka nazo.